Bega la fundi cherehani: kisa cha picha moja ya mahafali

Kijana aliingia studio kwangu Temeke Jumamosi moja ya mwishoni mwa Novemba 2023, joho likiwa kwenye mfuko wa nailoni na simu mkononi. Hakuja kupiga picha. Alikuja kuuliza kwa nini picha aliyoitengeneza mwenyewe, kwa usiku mbili bila kulala, imemliza shangazi yake na kumkasirisha mama yake.

Akanionyesha. Yeye katikati ya uwanja, joho jeusi, kofia, uso wa kicheko. Kulia kwake mzee wa suti ya Kaunda ya rangi ya kahawia, mkono mmoja mfukoni. Mzee huyo ni baba yake, fundi cherehani, aliyefariki mwaka 2012, kijana akiwa na miaka 11. Alikuwa amemkata kutoka picha ya zamani kwa GIMP, programu ya bure ambayo vijana wengi wanaifahamu, akamweka pembeni yake siku ya mahafali. Kisha, bila kumwambia mtu, akaituma kwenye kundi la ukoo. Shangazi aliifungua akiwa kwenye daladala.

Kosa hilo la kuituma sitalizungumzia sana. Picha ya marehemu amesimama na watu siku ya jana hairushwi kwenye simu ya dada yake kama tangazo la mkutano, na kijana mwenyewe alikuwa ameshalijua hilo kabla hajafika kwangu. Kilichonivuta ni la mama. Mama hakulia. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Huyu si yeye," akairudisha simu.

Kijana alidhani shida ni ukataji. Ni kweli ukingo wa kichwa ulikuwa na ule mstari mweupe unaobaki mtu akikatwa kwa haraka, lakini mama wa Mbagala hawezi kumkana mumewe kwa sababu ya mstari wa pikseli mbili. Nikamwomba anitumie faili lote, si picha iliyobanwa na WhatsApp, na kesho yake aje na picha yenyewe ya karatasi. Na kama inawezekana, aje na mama.

Kazi hii ya kuwakutanisha watu kwenye karatasi si ngeni pwani yetu. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio iliyojulikana kwa picha za kukata na kuunganisha, akitumia mkasi, gundi na chumba cha giza. Watu hawakwenda kwake kwa kudanganyika. Walijua kabisa kwamba sura ya mtu ndani ya ua imewekwa na fundi. Tofauti ya sasa ni kwamba kijana anataka kiungo kisionekane. Na ukitaka kiungo kisionekane, kila kitu kidogo kinageuka shahidi dhidi yako.

Jumapili wakaja wote wawili. Mama alikuwa na bahasha ya khaki na kifurushi kwenye kanga. Picha ilikuwa saizi ya postikadi, imesafishwa mwaka 2005, nyuma ikiwa na mwandiko wake wa kalamu ya bluu. Fundi amesimama wima mbele ya ukuta wa chokaa wa banda lake, sentimita 7 tu za urefu kwenye karatasi ya sentimita 15. Ndiyo picha pekee inayomwonyesha kuanzia kofia hadi viatu. Nyingine zote ni pasipoti.

"Nani aliipiga, mama?"

"Kuna kijana alikuwa anapita pita na Yashica yake. Ile ya kutia betri, ya flashi."

Aliyekulia mtaani miaka ile anaijua kamera hiyo, Yashica MF-2 na ndugu zake, lenzi ya milimita 38 isiyozungushwa wala kulengwa, flashi imejengewa juu pembeni. Wapiga picha wetu wa mguu waliishi kwayo. Mimi nilijifunzia hiyo. Kwa hiyo nilijua mara moja jambo ambalo kijana hakuliona: baba yake hakuangazwa na jua. Aliangazwa na flashi iliyokuwa vidole vichache tu kutoka kwenye lenzi. Mwanga wa namna hiyo unapiga uso kwa mbele, unafuta mashimo ya macho, unafuta kivuli cha pua, halafu unatupa kivuli kimoja kigumu ukutani nyuma ya mtu, chembamba, kama mtu amechorwa kwa mkaa upande mmoja.

Yeye kijana alipigwa uwanjani saa sita na nusu mchana. Dar mwishoni mwa Novemba, saa hiyo jua liko karibu na utosi. Kofia ya mahafali ilikuwa imemwagia giza hadi puani, macho yamezama, kidevu kimetupa kivuli shingoni. Baba aliyesimama sentimita 40 kutoka kwake hana hata kimoja cha vivuli hivyo. Uso wake umeng'aa kama mtu anayetazama taa ya gari. Kijana alijaribu kumpaka baba vivuli kwa tabaka la `Multiply`, na hapo ndipo alipoanza kumharibu, kwa sababu kivuli cha jicho kinafuata umbo la fupa la paji, na fupa hilo kwenye ile karatasi halionekani. Alikisia. Akatoa mzee mwenye macho ya mtu mwingine.

Nilimwambia jambo moja ambalo ningependa kila anayeanza kazi hii alijue: anza na picha ya aliyekufa. Yake haiwezi kurudiwa. Wewe uko hai, unaweza kusimama tena, mwanga wowote, ukuta wowote, saa yoyote. Kijana alifanya kinyume, kama wafanyavyo wengi. Aliipenda picha yake ya uwanjani, akamlazimisha baba aifuate.

Lakini mama alikuwa bado hajasema lake. Nilifungua picha ya kijana kwenye kioo kikubwa, nikaiweka pembeni ya ile ya karatasi niliyokuwa nimeshaipitisha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi. Mama akasogea.

"Bega," akasema.

Kwenye karatasi bega la kulia la fundi limeshuka. Si sana, vidole viwili hivi. Miaka 30 ya kuinamia cherehani, mkono wa kulia ukisukuma gurudumu, ndivyo alivyoeleza mama. Kwenye picha ya kijana mabega yalikuwa sawa kama hanga.

"Ulimnyoosha?" nikamuuliza.

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema alidhani mpiga picha aliinamisha kamera. Alizungusha picha nyuzi tatu, halafu kilichobaki akakivuta kwa `Warp Transform`. Nilimwonyesha mstari wa msingi wa banda nyuma ya viatu vya mzee: umelala sawasawa. Kamera haikuinama. Fundi ndiye aliyeinama, na mkewe alikuwa amelala ubavuni mwa bega hilo kwa miaka yote ya ndoa.

Cha pili mama alikionyesha kwa mkono bila maneno, akijigusa juu ya nyusi. Mumewe alimzidi kwa kipande hicho tu. Kwenye picha ya kijana, baba alikuwa amempita mwanawe kwa karibu nusu kichwa. Hapa sikuhitaji kumlaumu. Mtoto wa miaka 11 anamtazama baba kutoka chini. Urefu huo ndio uliobaki kichwani mwake, na hakuna aliyekuwepo kumsahihisha usiku ule alipokuwa akivuta kona za picha.

Urefu wa mtu kwenye picha ya zamani hupatikana ukiwa na kitu kimoja kinachopimika. Watu hutumia mlango, kiti, baiskeli. Sisi tulikuwa na kitu bora zaidi, maana kile kifurushi cha kanga kilikuwa suti yenyewe. Mama alikuwa ameihifadhi na vidonge vya nondo tangu msiba. Tuliitandaza mezani. Kutoka mshono wa kola hadi pindo la chini la koti, sentimita 74. Kwenye skani, kutoka mshono uleule hadi pindo lilelile, pikseli 740. Kwa hiyo pikseli 10 ni sentimita moja, na mzee mzima kutoka utosi hadi soli alikuwa pikseli 1,660. Mita moja na sentimita 66. Kitambaa kikivaliwa hujikunja na kufuata tumbo, kwa hiyo hesabu hii ina ulegevu wa sentimita mbili huku au huku. Kofia nayo nilikuwa nimeitoa kwa macho. Ila mkono wa mama juu ya nyusi zake uliafikiana na namba. Kijana ana mita 1.78. Kwenye picha yake ya usiku alikuwa amempa baba mita 1.89.

Joho lilikuwa la kukodi, linarudishwa Jumatatu. Tukakubaliana tupige tena jioni ileile.

Kwanza umbali. Ukitaka watu wawili waonekane walisimama pamoja, ni lazima kamera iliyompiga mmoja iwe imesimama mbali sawa na iliyompiga mwingine, la sivyo miili haielewani hata ukubwa ukilingana: mmoja miguu inaonekana kwa juu, mwingine inaonekana kwa usawa, mmoja pua imetokeza, mwingine uso umelala. Negativu ya mkanda ina urefu wa milimita 36, na karatasi ya postikadi imeikuza mara nne na robo hivi. Fundi wa sentimita 7 kwenye karatasi alikuwa milimita 16.6 kwenye negativu, yaani amepunguzwa mara mia. Zidisha mia kwa lenzi ya milimita 38: mita 3.8. Maabara za kusafisha hukata kidogo pembeni, kwa hiyo niliita mita nne kasoro na sikugombana na namba. Nikapiga chaki sakafuni.

Urefu wa kamera nao unasomeka. Tazama kola na mkanda wa suruali: kola ikionekana kupinda juu kidogo na mkanda kupinda chini, jicho la kamera liko kati yake. Kwa fundi ilikuwa usawa wa kifua, kama wapigavyo watu wafupi au watu wanaochuchumaa nusu. Nikashusha mguu wa kamera.

Kisha flashi. Kamera ikisimamishwa wima, flashi inakwenda upande mmoja, na kivuli kinaangukia upande wa pili. Kwenye karatasi kivuli cha fundi kiko kulia kwa mtazamaji, maana yake flashi ilikuwa kushoto. Mimi huwa nashika kamera kwa mkono wa kinyume, kwa hiyo ilibidi nijilazimishe. Ukilikosea hilo, unapata watu wawili ukutani, vivuli vyao vikikimbiana, na mtazamaji hatajua kinachomsumbua ila atasumbuka.

Ukuta wa studio yangu una kitambaa cha maua ambacho wahitimu wanakipenda. Tulikiondoa tukabaki na plasta nyeupe. Kijana alisikitika kidogo. Alitaka uwanja uonekane, bendera, umati. Nikamwambia picha ya mahafali ya studio ni ya mahafali vilevile, joho lipo na cheti kipo, na kwa flashi ya baba yake uwanja hauwezekani. Flashi ya Yashica haimulikii uwanja.

Kwenye nafasi ya mzee nilimsimamisha msaidizi wangu, ambaye kwa bahati ana mita 1.67, nikamvika koti langu la kahawia na kumwambia ashushe bega la kulia. Huyu hataonekana mwishoni. Kazi yake ni kuacha vitu ambavyo haviwezi kuchorwa vizuri: kivuli chake ukutani, giza kidogo linalomwangukia kijana kwenye mkono wa joho, weusi ulio chini ya soli pale kiatu kinapokutana na sakafu. Pia anampa kijana mtu wa kusimama naye. Kijana aliyesimama peke yake akiambiwa "wazia baba yupo hapo" anasimama kama mlingoti, na picha nyingi za namna hii huumbuka hapo kabla ya kompyuta kuwashwa. Baada ya msaidizi nilipiga moja ya ukuta mtupu, kamera ikiwa haijaguswa, ya kufutia pale ambapo koti langu lingezidi koti la fundi.

Kijana akauliza kama amwekee msaidizi mkono begani. Nilikataa. Mkono ukikaa juu ya kitambaa unakikunja, na suti ya fundi haina mkunjo huo. Mkono wake ulipita nyuma ya mgongo, vidole havionekani.

Kuunganisha kulichukua saa mbili, muda mdogo kuliko alioutumia kumharibu. Skani ya mzee ilikuzwa kidogo, asilimia 20, maana kwenye picha yangu sentimita moja ilikuwa pikseli 12. Hatukumkata kwa kufuta. Tulimfunika kwa `Layer Mask` ili lililokatwa vibaya liweze kurudi. Ukingo tuliulegeza kwa pikseli moja na nusu, sawa na ulegevu wa karatasi yenyewe. Wekundu wa uzee tuliupunguza kwa `Curves` tukitazama chokaa nyuma yake: chokaa ikitulia kuwa nyeupe, ngozi nayo inarudi. Hatukugusa uso.

Halafu tukafanya lile ambalo wengi hulikataa. Picha yangu ilikuwa kali mno. Nyuzi za joho zilihesabika, wakati suti ya baba ilikuwa na punje za mkanda na ukungu wa lenzi ya bei rahisi. Kijana akaomba tumnoe baba. Ukimnoa, zile punje zinageuka mchanga usoni, na kwa uso wa pikseli 260 hakuna kitu cha kunoa. Tulimlegeza yeye. Ukungu mdogo, punje kidogo, weusi wa joho ukainuliwa usiwe mweusi tii, kwa sababu karatasi ya 2005 haina weusi tii. Aliona uchungu kuuharibu uso wake mwenyewe uliopigwa vizuri, nikamwacha aone. Baada ya hapo nilirudisha picha mbali kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza watu wale wawili walikuwa wanapumua hewa moja.

Alitaka tuikuze iwe ya ukuta mzima. Kwa pikseli alizonazo mzee, A4 ndiyo mwisho. Ukizidi hapo mtoto anabaki mtu na baba anakuwa moshi. Nikachapa A4, na nyuma, kwa penseli laini, nikamwambia aandike: baba 2005, mimi 2023. Siku moja kuna mjukuu atakayeigeuza.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote, suti mapajani, anakunja na kukunjua. Nilimpa picha bila kusema kitu. Alianza na bega. Akalipitisha kidole. Akaenda kwenye viatu, akaenda kwa mwanawe, akapima kwa macho nani mrefu, akaguna kidogo, guno la mtu aliyeona hesabu ya soko imetoka sawa. Kisha akarudi juu, kwenye kola.

Kifungo cha juu cha suti kilikuwa wazi. Kwenye karatasi ya 2005 kiko wazi pia, hatukuwa tumekijali.

"Nilimsema kwa kifungo hiki mpaka nikachoka," akasema. "Fundi mzima, nguo za watu anazifunga, ya kwake wazi." Akaniangalia. "Baba, hiki hakifungiki?"

Kijana naye akaniangalia. Nikasema kinafungika, kazi ya dakika tano.

Mama aliishika picha mbali kidogo, kama anavyoshika mtu anayehitaji miwani.

"Kiacheni," akasema.